Uji wa mahindi unashika mabonge kila nikipika, nakosea wapi?

Kisimani

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwenye uji wa unga wa mahindi. Nampikia baba, ambaye kwa sasa anapata shida kumeza, hivyo uji ndio chakula chake kikuu asubuhi na jioni. Bonge hata liwe dogo namna gani linamsumbua kooni.

Ninavyopika: nachemsha maji vikombe vinne, yakitokota namwaga unga wa sembe kikombe kimoja, kidogo kidogo, huku nakoroga kwa mwiko. Mabonge yanatokea hapo hapo, mengine saizi ya punje ya harage. Nayaponda kwa mgongo wa mwiko lakini hayaishi, yanateleza tu na kukimbilia upande wa pili. Kama dakika tano hivi uji unakuwa mzito, naepua. Ukipoa kidogo unakaza mpaka kijiko kinasimama, na baba analalamika kwamba unanuka unga mbichi.

Nataka kujua vitu vitatu: maji kiasi gani kwa kikombe cha unga, nikoroge vipi, na uchemke muda gani.

KuniKavu

Mkuu, tatizo ni mkono. Unga ukigusa maji ya moto unatakiwa ukutane na mwiko papo hapo. Mimi huwa namwaga unga mkavu kwenye maji yanayotokota, mkono mmoja unanyunyiza na mwingine unakoroga kwa nguvu, na uji wangu unatoka laini. Badilisha mwiko, tumia mchapo wa waya ule wa kupigia mayai. Na uji ukishakuwa mzito umeshaiva, kuendelea kuuchemsha ni kupoteza moto bure.

Bi_Mwiko

Kisimani, pole na kumuuguza mzee. Kabla sijasema lolote, nifanyie jambo moja. Toa bonge moja kwenye huo uji, lipasue katikati kwa kisu, halafu uniambie ndani kuna nini.

Kisimani

Shikamoo Bi Mwiko. Nimepasua mawili. Nje yanateleza, yana ngozi inayong'aa, ila ndani ni unga mkavu mweupe kabisa. Nimeuminya kwa vidole ukamwagika kama ulivyotoka kwenye mfuko.

Bi_Mwiko

Marahaba mwanangu. Basi jibu lako liko humo ndani ya bonge.

Sehemu kubwa ya unga wa mahindi ni wanga. Ukiwa kwenye maji baridi, chembe zake hazinyonyi maji mengi, zinaelea tu kisha zinatuama. Maji yakifika joto la nyuzi 65 hadi 70 hivi, kila chembe inaanza kunyonya maji na kuvimba, na hapo ndipo uji unapokuwa mzito. Sasa wewe unachukua fungu la unga mkavu na kulitumbukiza kwenye maji yenye nyuzi 100. Chembe za nje zinavimba kufumba na kufumbua, zinashikana na kuwa ngozi. Ngozi ile haipitishi maji kwenda ndani. Unga wa katikati umefungiwa na utabaki mkavu hata uuchemshe saa nzima. Ndiyo maana kuponda hakusaidii: ukilipasua bonge ndani ya uji wa moto, unga mkavu unaotoka nao unavishwa ngozi yake, na bonge moja linazaa matatu madogo.

Kwa hiyo dawa haiko kwenye nguvu za mkono. Dawa ni kuhakikisha kila chembe imelowa kabla ya kukutana na joto. Fanya hivi.

Weka unga kikombe kimoja kwenye bakuli. Ongeza maji baridi nusu kikombe tu, usizidishe hapo. Koroga mpaka upate rojo zito, zito hasa, linalopinga kijiko. Watu wengi wanamimina maji yote ya baridi kwa mara moja, halafu vibonge vya unga vinaelea na kukikwepa kijiko. Rojo likiwa zito vibonge havina pa kukimbilia, vinasagwa kati ya kijiko na ukingo wa bakuli. Pitisha mgongo wa kijiko kwenye ukingo mpaka usihisi kokoto lolote. Likishalainika ndipo uongeze maji baridi mengine kikombe kimoja na nusu, uzimue. Sasa una rojo la maji vikombe viwili.

Wakati huo vikombe vitano vya maji vinachemka kwenye sufuria. Yakitokota, punguza moto, mimina rojo taratibu kwa mkono mmoja huku mwingine unakoroga bila kusimama. Endelea kukoroga mpaka uji uanze kuwa mzito na urudi kutokota. Hapo ndipo hatari ya mabonge inapoisha.

Kipimo: kikombe kimoja cha unga kwa vikombe saba vya maji jumla ni uji wa kunywa kwenye kikombe. Vinne ulivyotumia wewe ni uji wa kula kwa kijiko, tena mzito, ndiyo maana ulisimamisha kijiko. Ila mzee akiwa na shida ya kumeza usijiamulie wepesi wewe mwenyewe, maana kwa baadhi ya wagonjwa uji mwepesi mno ndio unaowapalia. Kama hospitali walikupa maelekezo ya uzito, fuata hayo, halafu maji tutayapima kutokana nayo.

Kisimani

Asante sana mama. Walisema uwe wa kushikamana kwenye kijiko, lakini ukiinamisha kijiko udondoke wenyewe. Usiwe wa kunywa.

Bi_Mwiko

Basi anza na maji vikombe vitano na nusu kwa kikombe kimoja cha unga: viwili kwenye rojo, vitatu na nusu kwenye sufuria. Weka maji ya moto pembeni ya kurekebishia. Kupunguza uzito wa uji ulioiva ni rahisi. Kuuongeza ni kazi nyingine.

KuniKavu

Bi Mwiko nakuheshimu, ila mimi nimepika kwa unga mkavu miaka na miaka bila mabonge. Hilo la rojo ni hatua ya ziada tu. Na hujajibu kuhusu kuiva. Uji mzito ni uji ulioiva, vinginevyo umekuwaje mzito?

Bi_Mwiko

Ndugu yangu, sikatai kwamba kwako unatoka laini. Ukinyunyiza unga mwembamba kama chumvi na mchapo unazunguka, chembe zinatawanyika kabla hazijashikana. Inawezekana, ila inataka mkono uliozoea na unga kidogo. Kwa sufuria kubwa, au kwa anayeanza, rojo ni salama zaidi. Hata ushauri wako wa mchapo ni mzuri, mimi mwenyewe nautumia dakika za mwanzo. Uji ukishakuwa mzito nahamia kwenye mwiko bapa, kwa sababu waya za mchapo hazikwangui kitako cha sufuria.

Kuhusu kuiva, hapo siwezi kukubaliana nawe. Uzito unakuja mapema. Nimesema chembe zinaanza kuvimba kwenye nyuzi 65 hadi 70, yaani kabla hata uji haujatokota. Ukiepua hapo umepata uji mzito ambao chembe nyingi bado hazijalainika, ndiyo hiyo ladha ya unga mbichi anayoisema mzee wa Kisimani. Tena chembe ambazo hazijamaliza kunyonya zinaendelea kunyonya ndani ya bakuli, kwa hiyo uji ulioepuliwa mapema unakaza haraka zaidi.

Kwa sembe, ukishatokota shusha moto uwe mdogo na uhesabu dakika 15. Kwa dona ni 25 hadi 30, kwa sababu kuna pumba na vipande vikubwa ambavyo maji yanachelewa kuvifikia. Lakini usitegemee saa peke yake. Angalia rangi: uji mbichi ni mweupe wa chokaa, haung'ai. Ukiiva unapata mng'ao na weupe wake unapungua kidogo. Kisha onja tone moja, lisugue kati ya ulimi na kaakaa. Ukihisi vumbi vumbi, bado. Kwa dona sugua tone kati ya vidole viwili, punje ngumu zikikwaruza ongeza dakika tano.

Asali_na_Oti

Mbona mnajipa kazi kubwa? Mimi napika uji wa oti kila asubuhi, kikombe kimoja cha oti kwa vikombe viwili vya maji, natumbukiza mkavu, dakika tano nimemaliza. Sijawahi kuona bonge. Kisimani tumia vipimo hivyo hivyo kwa mahindi, nafaka ni nafaka.

Bi_Mwiko

Hapana, tafadhali Kisimani usifanye hivyo. Kikombe kimoja cha unga wa mahindi kwa vikombe viwili vya maji hakitakupa uji kabisa, kitakupa kitu cha kukata kwa kisu.

Oti zako, ndugu, ni zile zilizobanwa zikawa bapa. Kiwandani zinapitishwa kwenye mvuke kabla ya kubanwa, hivyo zimeshapata joto. Na kila kipande ni kikubwa, kinalowa peke yake bila kushikana na mwenzake. Hakuna vumbi la kufungiwa ndani ya ngozi, ndiyo maana huoni bonge. Vipimo vyako ni sahihi kwa oti hizo, na ukitaka laini zaidi ongeza nusu kikombe cha maji. Zile zilizokatwa vipande vipande bila kubanwa zinataka maji vikombe vitatu hadi vinne na karibu nusu saa.

Tofauti nyingine ni kukoroga. Mahindi yanataka ukoroge sana mwanzoni. Oti ukizikoroga sana zinatoa ute, uji unavutika kama gundi. Zigeuze mara chache tu zisishike chini. Ila ukizisaga ziwe unga, mambo yanarudi kule kule kwenye rojo la maji baridi.

Asali_na_Oti

Kumbe ndiyo maana juzi nilizisaga kwenye blenda nikapata mabonge! Nilidhani oti zenyewe zilikuwa mbovu.

Kisimani

Wakuu nimerudi. Nimefuata maelekezo. Rojo lilikuwa laini, nililikagua kwa kijiko nikaridhika. Nikaliweka pembeni wakati maji yanachemka, yakatokota, nikamimina huku nakoroga. Sehemu kubwa ya uji imetoka safi, lakini mwishoni wakati bakuli linakaribia kuisha yakatokea mabonge machache. Nimeyapasua kama ulivyonifundisha. Safari hii ndani hakuna unga mkavu. Ni jeli tupu, nje na ndani sawa, inapitisha mwanga kidogo.

Bi_Mwiko

Umefanya vizuri kupasua, maana bonge hilo ni la aina nyingine na chanzo chake ni kingine.

Rojo lako lilikaa dakika ngapi likisubiri maji? Unga hauyeyuki kwenye maji baridi, unaelea kwa muda halafu unatuama. Bakuli likikaa dakika kumi, juu yanabaki maji yenye weupe na chini kuna tope zito. Ulipomimina, maji ya juu yaliingia kwanza vizuri, kisha tope likadondoka mwishoni kwa pamoja. Tope limelowa, kwa hiyo halibaki kavu ndani, lakini linaiva likiwa fungu kabla mwiko haujalitawanya. Ndiyo maana umeona jeli tupu, na ndiyo maana yalitokea bakuli likiwa linaisha.

Koroga rojo tena sekunde ile ile unayotaka kumimina, ukikwangua chini ya bakuli. Katikati ya kumimina simama, likoroge tena, umalizie. Ukibakiwa na tope kwenye kitako, lisuuze kwa maji baridi kidogo na uyamimine. Usiongeze maji ya moto kwenye bakuli kulisuuza, utaanza kulipika humo humo.

Mabonge haya ya jeli hayana shida kama yale ya kwanza. Ukiwa na chujio la waya pitisha uji, ukandamize mabonge kwa mgongo wa kijiko, yatapita. Yale yenye unga mkavu usiyapitishe kwa nguvu, yachuje na uyatupe, vinginevyo unga mbichi unarudi kwenye uji.

Nahodha

Naomba kuuliza, kuna ulazima gani wa kuchemsha maji kwanza? Mimi naweka unga na maji yote baridi kwenye sufuria moja, nawasha moto wa wastani, nakoroga mpaka utokote. Hakuna bakuli, hakuna kumimina, na hilo tope halipo kwa sababu mwiko haupumziki.

Bi_Mwiko

Inafanya kazi, sina ubishi. Ubaya wake ni kwamba lazima usimame hapo tangu maji yakiwa baridi. Ukigeuka dakika mbili tu, unga unatuama kwenye kitako, na kitako ndiko kwenye moto. Unaiva pale chini kama chapati na kuungua, huku juu yake kukiwa bado maji. Kwa sufuria ndogo ya watu wawili sawa. Mimi napikia watu wengi, maji lita 20, siwezi kukoroga muda wote huo yakipata moto.

Nahodha

Kwa wingi huo nakuelewa. Ila kwa upande wa ladha mimi naona uji ulioanza na maji baridi unakuwa laini zaidi mdomoni, kwa sababu chembe zinapata joto taratibu na kuvimba sawasawa.

Bi_Mwiko

Nimepika kwa njia zote mbili nikaonjesha watu, wengine walisema hivyo, wengine hawakuona tofauti. Hilo nakuachia.

MamaWawili

Samahani naingilia. Mimi uji wangu hauna mabonge, tatizo langu ni kinyume. Mwanangu ana miezi minane. Nampikia uji mzito mzuri, unakaa kwenye kijiko. Naanza kumlisha, tukifika katikati ya bakuli uji umekuwa maji kabisa, unatiririka. Uliobaki kwenye sufuria bado ni mzito vile vile. Nimebadilisha unga, nimepunguza maji, hali ni hiyo hiyo. Ni maji mengi au haujaiva?

KuniKavu

Maji mengi hayo dada. Punguza kikombe kimoja, ongeza unga.

Nesi_wa_Zamu

Hapana KuniKavu, soma tena alichosema: ule wa kwenye sufuria bado ni mzito. Ingekuwa ni maji mengi, uji wote ungekuwa mwepesi.

MamaWawili, ni mate. Kwenye mate kuna kimeng'enya kinachokata wanga, kazi yake ni kuanza kumeng'enya chakula mdomoni. Kijiko kinaingia kwenye kinywa cha mtoto, kinarudi kwenye bakuli na mate, na uji ukiwa vuguvugu ndio joto ambalo kimeng'enya hicho kinafanya kazi vizuri. Dakika kumi zinatosha bakuli zima kulegea. Uji wako hauna kasoro yoyote.

Usiongeze unga. Chota kidogo kidogo: weka vijiko vinne vitano kwenye kibakuli, mlishe viishe, ndipo uchote vingine kwa kijiko kingine kisafi. Kilichobaki kwenye kibakuli alichokula usikirudishe kwenye sufuria wala usikitunze kwa mlo wa baadaye, kwa sababu pamoja na mate kuna vijidudu vya mdomoni. Na uzito ule wa kukaa kwenye kijiko uuache hivyo hivyo, uji wa maji maji unajaza tumbo la mtoto bila kumpa chakula cha kutosha.

MamaWawili

Jamani! Na mimi huwa naonja kwa kijiko kile kile kuangalia joto kabla ya kumpa. Asante sana nesi.

Nesi_wa_Zamu

Joto liangalie kwa kudondosha tone kwenye upande wa ndani wa kifundo cha mkono.

Kisimani, hili linakuhusu na wewe. Mzee akila taratibu, uji wake nao utalegea ndani ya bakuli, na kwako uzito ni suala la usalama. Utaanza ukiwa sawa na maelekezo ya hospitali, utamalizia ukiwa mwepesi kuliko walivyotaka. Mchotee kidogo kidogo vile vile, na uliobaki ukae kwenye sufuria iliyofunikwa. Ukiona anakohoa au sauti inakuwa ya maji maji baada ya kumeza, acha kumlisha na uwaeleze wanaomhudumia.

Kisimani

Kweli, baba hukohoa zaidi mwishoni mwa bakuli. Nilidhani anachoka. Nitawaeleza kliniki.

Nesi_wa_Zamu

Waeleze, na usiache kutaja kwamba ni mwishoni. Kuchoka nako kunawezekana, na wao ndio watakaomwangalia.

Kisimani

Leo nimepika upya, naweka hapa nilivyofanya ili mnisahihishe. Unga wa sembe kikombe kimoja, nimeupima kwenye mizani ukawa gramu 130. Nusu kikombe cha maji baridi, nimesaga rojo, nikaongeza kikombe na nusu. Sufuriani vikombe vitatu na nusu. Maji yalipotokota nikashusha moto, nikakoroga rojo tena, nikamimina nusu, nikakoroga, nikamalizia, nikasuuza bakuli. Mchapo mpaka uji ukawa mzito, kisha mwiko. Hakuna bonge hata moja, nimechuja kuhakikisha na chujio limetoka safi.

Nikahesabu dakika 15 kwenye moto mdogo. Ladha ya unga mbichi imeisha. Yamebaki mambo mawili. Kwanza uji ulikuwa unaruka, umenichoma mkono. Pili ulitoka mzito kuliko nilivyotarajia, ikabidi niongeze maji ya moto kama robo tatu ya kikombe.

Bi_Mwiko

Hongera mwanangu, umepika. Kuruka ni kwa sababu mvuke unakwama chini ya uji mzito, unajikusanya mpaka upasuke. Moto wako bado ni mkubwa kidogo. Unatakiwa uone povu moja moja likipanda polepole na kupasuka bila kurusha. Egesha kifuniko ukiacha upenyo, na ukitaka kukoroga sogeza sufuria pembeni ya moto kwanza, subiri utulie. Koroga kila baada ya dakika mbili, ukianza na kona ya chini pale ukuta unapokutana na kitako, mwiko wa mviringo hauifikii.

Kuhusu uzito, maji yako yametoka kwa mvuke. Sufuria pana isiyofunikwa kwa dakika 15 inaweza kupoteza karibu kikombe kizima, nyembamba yenye kifuniko inapoteza kidogo sana. Ndiyo maana mapishi ya mtu mwingine hayakupi uzito ule ule hata ukipima sawa. Wewe sasa unajua sufuria yako inakula robo tatu, kesho iweke tangu mwanzo.

Na umefanya la maana kupima kwa mizani. Kikombe cha unga kilichochotwa kwa kujaza tu na kile kilichoshindiliwa vinaweza kupishana gramu 30, na hizo kwenye uji zinaonekana. Shika hizo gramu zako 130, usihesabu vikombe tena.

Mwisho, amua uzito uji ukiwa umepoa kidogo. Dondosha kijiko kimoja kwenye sahani baridi, subiri dakika mbili, kisha inamisha. Huo ndio uzito atakaokutana nao mzee. Wa kwenye sufuria inayotokota unadanganya, siku zote unaonekana mwepesi.

KuniKavu

Nimejaribu kuacha dakika 15 badala ya kuepua ukiwa mzito. Ladha ni tofauti, nakiri. Ila unga mkavu siachi.

Nahodha

Limao na maziwa vinaingia lini? Nikiweka limao mwanzoni uji wangu hauwi mzito vizuri.

Bi_Mwiko

Limao baada ya kuepua. Ukali wake ukichemka pamoja na wanga kwa muda unaukata, uji unalegea. Maziwa dakika tano za mwisho, kwenye moto mdogo, kwa sababu yanashika chini upesi kuliko unga. Yahesabu kama sehemu ya maji, ukiweka kikombe cha maziwa punguza kikombe cha maji mwanzoni. Sukari mwishoni, kwa sababu hiyo hiyo ya kushika na kuungua.

Ila Kisimani, limao kwa mzee uliza kwanza, linaweza kuwasha koo lenye shida.

Kisimani

Sawa mama. Swali la mwisho: wa jioni naweza kupika asubuhi pamoja nikaupasha? Nilijaribu, ukawa umeganda, na juu kuna utando ambao nilipoukoroga ukawa vipande vipande.

Bi_Mwiko

Unaweza, ukiuweka kwenye friji mara unapopoa, usiache mezani mchana kutwa. Utando ni uso wa uji uliokauka kwa hewa. Ukiukorogea ndani unapata aina ya tatu ya bonge, na hilo halisagiki. Uzuie kwa kuweka nailoni ya chakula au sahani iguse uso wa uji wenyewe wakati unapoa. Ukishatokea, uvue wote kwa kijiko kabla ya kugusa kitu kingine.

Kupasha: usiuweke mkavu kwenye moto. Uvunjevunje, mimina maji ya moto robo kikombe kwa kila kikombe cha uji, upige kwa mchapo ukiwa nje ya moto mpaka ulainike, ndipo uupashe taratibu mpaka utokote. Halafu rudia kipimo cha sahani baridi, kwa sababu uji uliolala na kupashwa haurudi uzito ule ule wa asubuhi.

Kwa mzee mimi ningekushauri upike mara mbili. Lakini wewe ndiye unayejua siku yako ilivyo.